Nakala ya kadi ya kliniki ya mtoto, imenakiliwa Kibaigwa, Jumanne 18 Machi 2025

Wifi, kadi ya mtoto ambayo daktari anaitaka kwa kuwa ameng'atwa tena, nimeipata. Ilikuwa kwenye sanduku la bibi yake, chini ya vitenge, imelowa upande mmoja kwa sababu bati la chumba cha nyuma linavuja tangu masika yaanze. Picha nilizokutumia zinang'aa kwa ile nailoni iliyofunikia kadi, na lebo hazisomeki kabisa. Ndiyo maana nimekaa nayo dirishani na kuandika kila kilichomo. Mpe daktari hii pamoja na picha. Na kama bado hajachomwa sindano ya leo, isicheleweshwe kwa kungoja kadi.

Yaliyo ndani ya mabano ya mraba ni yangu, hayamo kwenye kadi. Alama ya ? ni herufi au tarakimu moja ambayo sikuweza kuisoma. Maneno ya Kiingereza ya kwenye lebo nimeyaweka kwa Kiswahili, ila namba za toleo ziko kama zilivyochapwa. Jina la mtoto na la zahanati nimeyaacha kwa makusudi, maana ujumbe huu utapita kwenye simu za watu.

UKURASA WA MBELE
Jinsi: Me
Tarehe ya kuzaliwa: 14/3/2019
Uzito wa kuzaliwa: kilo 3.1 [Kwanza iliandikwa 3.7, ikakatwa mstari mmoja, 3.1 ikawekwa juu yake. Biki ya bluu, mwandiko uleule.]
Namba ya kadi: 0?86/2019 [tarakimu ya pili imeliwa na mkunjo]

CHANJO
BCG: 15 MAR 2019 [muhuri wa tarehe, wino wa zambarau]. Kovu: ndiyo [biki nyeusi]
Polio 0: 15 MAR 2019 [muhuri huohuo]

Polio 1, Penta 1, PCV 1, Rota 1: 25 APR 2019 [Muhuri mmoja tu kwa chanjo zote nne. Umegongwa kwenye mstari wa Penta, kisha mtu akachora mabano kwa biki ya bluu kuzikusanya nne.]

Polio 2, Penta 2, PCV 2, Rota 2: 23/5/19 [Biki nyeusi, imeandikwa mara nne, hakuna muhuri.] Pembeni: "Rudi 20/6" [kalamu nyekundu]

Polio 3, Penta 3, PCV 3, IPV: 20 JU? 2019 [Muhuri. Maji yamefika hapa na zambarau imesambaa, herufi ya tatu ya mwezi haipo. Inaweza kuwa JUN, inaweza kuwa JUL. Ile "Rudi 20/6" ya juu inaelekea JUN, na mtoto alitimiza wiki 14 siku hiyo hasa. Lakini sikuona herufi, kwa hiyo siiandiki. Daktari akiuliza habari ya pepopunda: mistari yote mitatu ya Penta imejazwa, iwe Juni au Julai.]

Surua-Rubela 1: 16/12/19 [Kalamu ya jeli ya kijani. Imefifia kwa maji, lakini ncha ya kalamu ilikandamiza kadi, na ukipitisha kidole unaihisi.]
Surua-Rubela 2: 14 SEP 2020 [muhuri, umegongwa kichwa chini]

Vitamini A na dawa za minyoo: alama saba za vema, tarehe mbili tu: 16/9/19 na 14/9/20. [Biki za rangi mbili. Alama nyingine tano hazina tarehe.]

UKURASA WA NYUMA
[Huu ndio daktari anaoutaka. Hauna jedwali la kuchapwa. Muuguzi wa 2023 alilichora mwenyewe kwa rula.]

"CHANJO YA KICHAA CHA MBWA" [herufi kubwa, kalamu nene nyeusi]
"Kaumwa 8/8/23, mguu wa kulia chini ya goti. Mbwa hajulikani, amekimbia. Kidonda kimeoshwa kwa sabuni. Sindano: msuli wa bega." [biki ya bluu]

Dozi ya 1: 9/8/23, sahihi ipo. Lebo imebandikwa. Toleo KP2208?, mwisho wa matumizi 05/2025. [Herufi ya mwisho ni B au 8. Imekatika ubavuni lebo ilipobanduliwa kwenye kichupa.]

Dozi ya 2: 12/8/23, sahihi ipo. Lebo: toleo KP2208B, mwisho wa matumizi 05/2025. [Safi kabisa. Inawezekana ni toleo lile la dozi ya 1, ila kule juu nimeacha alama ya kuuliza, maana kule sikuiona.]

Dozi ya 3: 1?/8/23, sahihi ipo nusu. Lebo: toleo KP2301I, mwisho wa matumizi 11/2025. [Toleo ni jingine, si kosa langu la kunakili. Mwisho wake inaweza kuwa herufi I au tarakimu 1, kwenye chapa ile zinafanana. Lebo yenyewe imebandikwa juu ya tarehe. Nimeiinua kadi kwenye jua, na kivuli cha tarakimu iliyofunikwa kina tumbo chini, kama 6. Siku ya saba kutoka tarehe 9 ni tarehe 16, lakini hiyo ni hesabu, kadi haijasema.]

Dozi ya 4: "23/8 arudi" [penseli]. Lebo haipo. [Lipo baka la gundi la mstatili, saizi ya lebo zile nyingine, na kona moja ya karatasi imebaki yenye "47". Hakuna tarehe ya wino. Hakuna sahihi.]

[MWISHO WA KADI]

Sasa maneno ya bibi yake. Nayaweka mbali na kadi ili daktari asiyachanganye. Anasema sindano zilikuwa nne, na ya mwisho walikwenda kwa bodaboda siku ya mnada. Nilipomuuliza tarehe akasema mahindi yalikuwa yameshavunwa, ambayo kwa Agosti si jibu. Mimi naona lebo iliwahi kubandikwa pale, maana gundi haijipaki yenyewe. Ila kama ilikuwa ya chanjo hiyo au karatasi nyingine iliyong'ang'ania, siwezi kuapa. Mwambie daktari hivyohivyo: dozi tatu zina sahihi na lebo, ya nne ina gundi. Aliyekwisha chanjwa kichaa cha mbwa akiumwa tena huwa anapewa sindano chache, na ile ya kingamwili inayozungushiwa kidonda haihitajiki, kwa hiyo hili la ya nne atalipima yeye. Wewe usimwambie "alimaliza" kwa sababu tu unatamani hivyo.

Lebo ya kwanza inaanza kuinuka kona. Nimeiacha. Ukiigandamiza kwa gundi mpya, mtu ataanza kuuliza imebandikwa lini na nani.

Nimesoma nakala hii mara mbili. Mara ya pili bibi yake alishika kadi na miwani, mimi nikawa nataja. Akanikamata sehemu moja: dozi ya 2 nilikuwa nimeandika 13/8, kumbe ni 12/8. Nimesharekebisha, na picha ya mstari ule nimeipiga upya bila nailoni.

Kadi yenyewe sitaituma kwa kondakta. Napanda basi la kwanza kesho alfajiri, nitakukuta hapohapo hospitali. Mwambie mwanangu shangazi anakuja na karanga.

Wifi yako