Pendekezo la Mradi wa Mwaka wa Mwisho: Kunukuu Vipindi vya Redio ya Kiswahili kwa Kompyuta

Kwa: Kamati ya Miradi, Idara ya Sayansi ya Kompyuta
Kutoka: Wanafunzi wawili wa mwaka wa nne
Muda: Wiki 14

Tatizo

Redio ya jamii tuliyoitembelea Muheza huhifadhi vipindi vyake vyote, ila hakuna namna ya kutafuta neno ndani yake. Mhariri akitaka kujua wakulima walisema nini kuhusu bei ya machungwa msimu uliopita, hana budi kusikiliza upya saa baada ya saa. Na yanayotafutwa zaidi hayasemwi na mtangazaji. Husemwa na wanaopiga simu.

Tuliijaribu Whisper small, modeli ya kugeuza usemi kuwa maandishi, bila kuifundisha zaidi, kwa dakika 10 za kipindi kimoja. Maneno ya studio yalifuatika kwa taabu. Mama mmoja alipopiga simu na kusema "tangu saa mbili kasorobo" huku pikipiki ikipita, hakuna neno lake hata moja lililoandikwa sawa. Simu ya kawaida hupitisha masafa ya takriban 300 hadi 3,400 Hz tu, hivyo *s*, *sh* na *f* hufifia. Tunataka kujua: saa chache za sauti za simu zilizonukuliwa kwa mkono zitapunguza makosa hayo kiasi gani?

Data

Tutaanza na mkusanyo wa ALFFA, wenye takriban saa 10 za habari za redio kwa Kiswahili. Huo ni usomaji wa studio. Tutaongeza saa 8 kutoka kituoni, 5 zikiwa za simu. Dakika 10 zilituchukua dakika 70 kuzinukuu, kwa hiyo saa 8 ni kazi ya saa 56: saa 4 kwa wiki kwa kila mmoja, wiki 7.

Saa 2 kati ya hizo ni za majaribio pekee, na mtangazaji aliyemo humo hatasikika kwenye mafunzo. Majina na namba za wapiga simu zitafutwa, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sauti zenyewe hazitachapishwa.

Uwezo wa kompyuta

Tunategemea Kaggle, inayotoa takriban saa 30 za GPU kwa wiki bila malipo, kumbukumbu GB 16. Kufundisha modeli nzima hudai takriban baiti 16 kwa kila kigezo. Whisper small ina vigezo milioni 244, yaani GB 3.9 kabla ya data. Large ina milioni 1,550, GB 24.8, haiingii. Ndiyo maana tumechagua small. Bajeti yetu ni saa 60 za GPU kwa mradi mzima.

Kipimo

```
WER = (S + D + I) / N
```

WER ni kiwango cha makosa kwa maneno: S ni maneno yaliyobadilishwa, D yaliyoachwa, I yaliyoongezwa, na N ni idadi ya maneno katika nakala sahihi. Kiswahili huunganisha mengi katika neno moja: "nilivyomwambia" likikosewa herufi moja, neno zima limekosewa. Tutatoa pia makosa kwa herufi, na matokeo ya studio na ya simu yatatenganishwa.

Ombi

Tunaomba barua ya utambulisho kwa kituo kabla ya wiki ya 2, ili tusaini makubaliano ya matumizi ya sauti.