Marekebisho: ripoti ya maharage, ghala la Uyole

Shikamoo Mama Meneja,

Ripoti niliyokutumia jana jioni ina kosa, na kosa ni langu. Stakabadhi za Jumanne nilizijumlisha pamoja na nakala zake za kaboni, zile za njano, kwa hiyo kilo 212 zimeingia mara mbili.

Maharage tuliyopokea ni kilo 1,274, si 1,486. Malipo ya wakulima, kwa shilingi 2,500 kila kilo, ni 3,185,000 badala ya 3,715,000. Tafadhali mwambie mhasibu asitoe ile 530,000 ya ziada. Ikishafika kwa wakulima kuirudisha ni kazi.

Mahindi hayajabadilika, magunia 96. Nimeyahesabu tena leo asubuhi.

Faili sahihi nimeliambatisha, la jana lifute. Samahani sana.

Mtunza ghala, Uyole