Kikombe cha Rejesho: mswada wa video ya masharti ya mkopo wa biashara ndogo, tawi la Moshi

*Kwa timu ya kamera: video hii ndiyo mteja atakayotazama kabla ya kupewa zile kurasa 9 za mkataba. Maneno ya mkataba yanabaki kama yalivyo kiooni, kisha Mama Neema na Afisa wanayafungua. Dakika 6. Mama avae aproni yake ya kazi, tusimpambe kwa kitenge cha sherehe.*

ONYESHO LA 1. Soko la Mbuyuni, asubuhi

PICHA: Meza ya Mama Neema. Mchele, maharage, choroko. Mkono unasawazisha maharage juu ya sado.

AFISA: Shikamoo mama.

MAMA NEEMA: Marahaba mwanangu. Geuza hiyo ndoo ukae. Umeniletea majibu au umeniletea karatasi?

AFISA: Vyote viwili. Mkopo umepita, milioni tatu, miezi kumi na miwili.

MAMA NEEMA: Afadhali. Chekereni wanavuna sasa hivi. Nikichelewa wiki moja mpunga wote umeshabebwa na wenye malori.

AFISA: Kabla hujasaini, tusome hapa.

MAANDISHI KIOONI: *Kifungu 4.2. Riba itatozwa kwa kiwango cha asilimia 18 kwa mwaka, ikikokotolewa kila mwezi juu ya salio la mkopo lisilolipwa.*

MAMA NEEMA: Kumi na nane ya milioni tatu ni laki tano na arobaini. Jumla milioni tatu, laki tano na arobaini. Gawa kwa kumi na mbili, laki mbili tisini na tano elfu kwa mwezi. Si ndiyo?

*(Acheni ukimya wa sekunde mbili. Mtazamaji naye yuko kwenye hesabu hiyo hiyo.)*

AFISA: Hesabu yako haina kosa, ila si ya mkataba huu. Hiyo ni riba isiyopungua, wengine wanaiita ya flati. Unalipa riba ya milioni tatu hata mwezi wa mwisho, wakati deni limebaki la kununulia magunia mawili tu. Hapa wameandika "salio lisilolipwa". Nipe kikombe, maharage na choroko.

ONYESHO LA 2. Juu ya meza, kamera karibu kabisa

PICHA: Mikono tu. Sado imejaa maharage mekundu. Pembeni bakuli la choroko.

AFISA: Sado hii ni deni lako, milioni tatu. Choroko ni riba. Kila tarehe 5 unaleta kikombe kimoja kilichojaa, na kikombe hakibadiliki.

MAANDISHI KIOONI: *Rejesho la kila mwezi: Sh 275,040*

AFISA: Asilimia 18 kwa mwaka ni moja na nusu kwa mwezi. Mwezi wa kwanza unadaiwa milioni tatu, kwa hiyo riba ni elfu arobaini na tano.

PICHA: Choroko zinamiminwa, zinafika kama sehemu moja ya sita ya kikombe. Maharage kutoka kwenye sado yanajaza nafasi iliyobaki.

MAMA NEEMA: Kwa hiyo maharage ndiyo yanayopunguza deni.

AFISA: Hayo tu. Na mwezi wa pili riba inahesabiwa kwa yaliyobaki kwenye sado.

MAANDISHI KIOONI (mistari inaingia mmoja mmoja):

| Mwezi | Riba | Deni linalopungua | Salio |
|---|---|---|---|
| 1 | 45,000 | 230,040 | 2,769,960 |
| 2 | 41,549 | 233,491 | 2,536,469 |
| 3 | 38,047 | 236,993 | 2,299,476 |
| 12 | 4,065 | 270,975 | 0 |

PICHA: Kikombe cha 12. Choroko ni punje chache, Mama anazisukuma kwa kidole. Sado ni tupu.

MAMA NEEMA: Riba yote kwa mwaka inakuwa shilingi ngapi?

AFISA: Laki tatu, mia nne na themanini.

MAMA NEEMA: Na ile ya kwangu ilikuwa laki tano na arobaini! Zaidi ya laki mbili na thelathini zinaondoka kwa neno moja?

AFISA: Kwa neno "salio". Popote utakapokopa, ukitajiwa asilimia, uliza ni ya salio au ya mkopo wote.

ONYESHO LA 3. Pesa ya mkononi

*(Onyesho hili lisikatwe hata muda ukibana. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinataka gharama ziwekwe wazi, na malalamiko mengi dirishani yanaanzia hapa.)*

MAANDISHI KIOONI: *Kifungu 5.1. Ada ya kushughulikia mkopo, asilimia 1, na bima ya mkopo, asilimia 1, zitakatwa wakati wa kutoa mkopo.*

AFISA: Elfu thelathini ada, elfu thelathini bima. Kwenye akaunti yako zitaingia milioni mbili, laki tisa na arobaini.

MAMA NEEMA: Lakini ninadaiwa milioni tatu kamili?

AFISA: Kamili, na riba inaanzia hapo. Ukijumlisha ada na bima, mkopo huu unakugharimu laki tatu, elfu sitini na mia nne themanini.

MAMA NEEMA: *(anaandika kwenye daftari la wadaiwa wake)* Basi niagize mpunga wa laki tisa na arobaini juu ya zile mbili. Hiyo sitini nilishaipangia nauli ya gari.

ONYESHO LA 4. Januari

PICHA: Nyumbani. Sare mpya ya shule kitandani, madaftari, viatu kwenye boksi. Simu inatoa mlio: ujumbe wa rejesho la nne.

MAANDISHI KIOONI: *Kifungu 7.3. Rejesho litakalocheleweshwa zaidi ya siku 5 litatozwa adhabu ya asilimia 5 ya rejesho husika.*

SAUTI YA AFISA: Mkopo umetoka tarehe 5 Septemba, kwa hiyo rejesho la nne ni tarehe 5 Januari. Hadi tarehe 10 hakuna adhabu. Tarehe 11 inaongezeka Sh 13,752, na hiyo haipunguzi deni hata senti.

MAMA NEEMA: *(kwa simu)* Baba, nisikilize. Hali ni ngumu, shule zimefungua. Nikilipa tarehe 9 kuna shida?

AFISA: Hakuna, mama. Na ukiona hata tarehe 9 haitawezekana, nipigie kabla ya tarehe 5, tuzungumze mapema.

ONYESHO LA 5. Machi, mezani tena

MAANDISHI KIOONI: *Kifungu 8.1. Mkopaji anaweza kulipa salio lote kabla ya muda kwa ada ya asilimia 1 ya salio hilo.*

MAMA NEEMA: Mchele umepanda bei, nimeuza wote. Nikimaliza leo baada ya rejesho la sita?

AFISA: Salio ni Sh 1,566,954. Ada ni 15,670. Ungeendelea na vikombe sita ungelipa 1,650,240.

MAMA NEEMA: *(midomo inahesabu)* Ninaokoa elfu sitini na saba na ushee. Lakini meza itabaki tupu.

AFISA: Hilo la meza unalijua wewe.

ONYESHO LA 6. Kurudi Septemba, kabla ya saini

AFISA: Kimebaki kifungu cha mdhamini. Shemeji yako akisaini, ujue si shahidi. Usipolipa, tunamfuata yeye.

MAMA NEEMA: Basi yeye mwenyewe aje hapa aambiwe hivyo hivyo. Na tarehe zote kumi na mbili za marejesho niandikie kwenye karatasi ya peke yake, nisiwe natafuta kwenye kurasa zenu.

PICHA: Ratiba ya marejesho inakunjwa mara nne, inaingizwa ndani ya kopo la chenji. Mama anarudisha maharage kwenye gunia, anachambua choroko kwa vidole moja moja.

MTEJA *(nje ya picha)*: Mama Neema, sado shilingi ngapi?