Kabla hujagusa LUT: rangi za harusi ya Kibosho

Mdogo wangu,

Video ya harusi uliyonitumia nimeitazama yote jana usiku. Kukata unajua. Pale mama anapofuta machozi halafu tarumbeta ndiyo inaingia, hapo sikuongezi neno. Shida ni rangi. Ndafu imefika mezani ikiwa na sura ya nyama iliyolala siku tatu, na bibi harusi uso wake bluu. Unasema umejaribu LUT tatu, faili za kubadili rangi, na zote mbaya. Hazina kosa, umezipa kazi isiyo yao.

Anza na waiti balansi. Sherehe ilifanyika chini ya turubai la bluu, kwa hiyo mwanga ulioshuka ulikuwa wa bluu. Wageni hawakuona kitu kwa sababu ubongo unazoea haraka, shati jeupe linabaki jeupe. Kamera haizoei, inafuata namba iliyopewa. Namba hizo ni za Kelvin: taa za zamani za studio ni 3200 na mwanga wao ni wa chungwa, jua la mchana ni kama 5600, kivulini hupanda zaidi na mwanga unaelekea bluu. Ukiiambia kamera namba kubwa, inadhani mwanga ni wa bluu, inaongeza uchungwa kufidia. Hapa ndipo wengi hujichanganya, hata mimi nilijichanganya mwaka mzima.

Kwenye Resolve, programu yako ya kuhariri, una Temp kwa bluu na chungwa, na Tint kwa kijani na zambarau. Tint utaihitaji sana huko kwenu, maana mtu akisimama katikati ya migomba majani humrushia ukijani usoni. Tafuta kitu cheupe kwenye picha, lakini usichukue gauni! Magauni mengi ni rangi ya maziwa, ukiyalazimisha kuwa meupe kabisa unampa bibi harusi ubluu mwingine. Chukua shati la bwana harusi, sehemu ambayo haijaungua kwa mwanga. Palipoungua hakuna rangi iliyobaki ya kupima. Fungua Parade, grafu inayoonyesha kila rangi peke yake, kisha sogeza Temp na Tint mpaka nyekundu, kijani na bluu za shati lile zikae usawa mmoja. Migomba iliyo nje ya turubai itageuka njano kidogo. Iache, hakuna mgeni atakayepiga simu kuulizia mgomba.

Kontrasti ni umbali kati ya giza na mwanga. Ukiiongeza, cheusi kinashuka na cheupe kinapanda. Fikiria ubao wa bembea: ule ubao una jiwe katikati, na hilo jiwe ndilo Pivot. Likikaa vibaya, picha nzima inazama au inapaa. Amini Waveform, grafu ya mwangaza wa picha, si macho yako, maana skrini ya laptop iliyo karibu na dirisha inakudanganya. Kwenye Resolve chini kabisa ni 0, juu kabisa ni 1023. Suti nyeusi za akina mzee zikilala kwenye 0 kama mstari, mikunjo yote ya kitambaa imepotea. Umeifanya hiyo dakika ya 14.

Sasa LUT, tunayoitamka lati. Ni jedwali tu. Ni kama orodha ya bei ukutani dukani: ukija na rangi hii, unaondoka na ile, haiulizi wewe ni nani wala umetoka wapi. Faili la .cube la kawaida lina pointi 33 kila upande, yaani 33 × 33 × 33 = 35,937, na zilizo katikati programu inakadiria. Kwa hiyo uso wa bluu ukiingia, unatoka uso wa bluu uliopambwa.

Ziko za aina mbili. Moja ni ya kutafsiri, mfano kutoka S-Log3, log ya kamera za Sony, kwenda Rec.709, rangi za kawaida za TV. Log hurekodiwa ikiwa imefifia ili kubeba giza na mwanga mwingi, na LUT hiyo inairudisha kwenye kawaida. Nyingine ni ya mapambo, ya kupata sura fulani. Wewe umeweka ya S-Log3 hata kwenye klipu za kamera ya pili, ile ya kijana wa Majengo, ambaye alirekodi kawaida. Zimetafsiriwa mara mbili, ndiyo maana suti zimegeuka mashimo. Uliza kwanza kila kamera ilirekodi nini.

Nodi ni hatua moja ya kazi ya rangi. Ya kwanza weka Temp, Tint na kontrasti, LUT ya kutafsiri ije nodi inayofuata. Ya mapambo ikija, punguza Key Output yake, yaani nguvu yake, hadi 0.4 hivi.

Rekebisha ile klipu ya ndafu peke yake, sekunde kumi, unitumie kabla hujagusa nyingine. Jumamosi nashuka Moshi na hard disk.