Barua kwa wanafunzi wa kidato cha tatu kabla ya safari ya Laetoli

Makumbusho ya Bonde la Olduvai, Ngorongoro
4 Agosti 2025

Wapendwa wanafunzi,

Mwalimu wenu wa Historia amenijulisha kwamba mtatoka Karatu Alhamisi tarehe 14 Agosti, wanafunzi 38 na walimu watatu, na kwamba mngependa kuona nyayo za Laetoli. Karibuni sana. Nawaandikia mapema kwa sababu kuna jambo ambalo wageni wengi hulijua wakiwa tayari wamefika, wakavunjika moyo bure: nyayo zenyewe zimefukiwa. Mtakaposimama Laetoli mtakuwa mmesimama karibu nazo kabisa, lakini juu yake kuna udongo na mawe meusi ya volkano. Mtakachokiona kwa macho ni nakala iliyotolewa kwa kalibu, hapa makumbusho. Nakala hiyo inaonyesha hata vishimo vya vidole, na mtu akijua namna ya kuitazama ataondoka na mengi. Barua hii ni ya kuwaandaa kuitazama.

Laetoli iko kama kilomita 45 kusini mwa bonde hili. Takriban miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilimwaga majivu membamba kama unga juu ya nyika ile. Kwa muda mrefu volkano hiyo ilidhaniwa kuwa Sadiman, upande wa mashariki. Baadaye wanajiolojia wengine walilipinga hilo, kwa hiyo kwenye daftari andikeni "volkano ya jirani" na mtakuwa salama. Majivu hayakushuka mara moja. Yalishuka kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, hadi unene wa kama sentimita 15. Katikati ya kushuka huko mvua nyepesi ilinyesha, na matone yake yaliacha vishimo vidogo vinavyoonekana mpaka leo. Wanyama wakapita: sungura, kanga, twiga, vifaru, tembo, na farasi wa kale wenye vidole vitatu. Wakapita pia zamadamu, wakitembea kwa miguu miwili.

Kwa nini alama hizo hazikufutika? Richard Hay, mjiolojia aliyeyachunguza majivu hayo, alieleza kwamba yalikuwa na chumvi za kabonati zinazoyeyuka kwenye maji. Mvua ilizilowesha, jua likazikausha, zikashika kama saruji. Ninyi mnaijua magadi: ikilowa na kukauka hugandana hata ikabidi kuigonga. Ol Doinyo Lengai, mlima mnaousoma katika Jiografia, hadi leo hutoa lava yenye kabonati za sodiamu kwa wingi. Kisha majivu mengine yakashuka juu ya yale yaliyokwisha kuganda, yakafunika nyayo kabla upepo na kwato hazijaziharibu. Mvua ingekuwa kubwa zaidi, au majivu yaliyofuata yangechelewa, tusingekuwa na chochote.

Naomba mlijaribu hili shuleni kabla ya kuja. Tafuteni masanduku matatu ya mbao au mabeseni mapana, na vumbi laini la barabarani lililochekechwa. Msitumie majivu ya kuni kwa miguu mitupu: yakilowa huwa makali na huunguza ngozi. Jazeni kila sanduku kina cha sentimita 4 hivi na kusawazisha kwa ubao. La kwanza liacheni kavu. La pili lirushieni maji kwa mkono na kuchanganya, hadi vumbi mkilikamata kwenye kiganja lishikane bila kudondosha maji. La tatu litieni maji hadi liwe uji. Mtu mmoja apite juu ya yote matatu kwa hatua za kawaida. Kwenye kavu, kingo zitaporomoka na vidole havitaonekana. Kwenye uji, tope litarudi na kuujaza unyayo mara tu mguu unapoinuliwa. Lile la katikati ndilo litakaloshika kisigino, upinde na vidole. Liwekeni juani siku mbili, na kama udongo wenu una mfinyanzi litapasuka. Andikeni mipasuko imepita wapi, kwa sababu kwenye nakala pia mtaona mipasuko, na si kila mstari ni wa mguu.

Kazi ya pili ni ya vipimo. Kila mmoja asimame peku, kisigino kikigusa ukuta, mwenzake aweke alama chini kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Pimeni kutoka ukutani hadi kwenye alama, kwa sentimita. Pimeni pia urefu wa mwili bila viatu. Gawanyeni urefu wa mguu kwa urefu wa mwili, kisha zidisheni kwa 100. Wengi wenu mtapata karibu na 15. Kosa la kawaida hapa ni kuegemea ukuta: mgongo ukiegemea, kisigino huteleza mbele na mguu unaonekana mrefu kuliko ulivyo.

Sasa njooni kwenye nyayo. Mapito yaliyochimbuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978 na 1979, yanayoitwa eneo G, yana urefu wa kama mita 27 na nyayo takriban 70 za watu watatu (nasema "watu" kwa urahisi wa lugha, wengi huwahesabu kuwa Australopithecus afarensis, ambaye mifupa yake imepatikana hapo hapo Laetoli). Mdogo wao, G1, ana nyayo za kama sentimita 18. Kwa kipimo chenu cha asilimia 15, 18 gawanya kwa 0.15 ni sentimita 120. Mwaka 2015 timu ya watafiti wa Tanzania na Italia, akiwemo Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilipata nyayo nyingine mita 150 kusini mwa hapo, eneo S. Mmoja wa hao, S1, ana nyayo za sentimita 26 hivi. Mkigawanya kwa 0.15 mtapata 173, lakini watafiti waliandika kama 165. Jaribuni 0.158 mwone. Tofauti ya chini ya nukta moja kwenye asilimia inamfupisha mtu kwa sentimita nane! Ndiyo maana kila mnapoona urefu wa kiumbe wa kale umetajwa, ulizeni kipimo kilichotumika ni cha mwili wa nani.

Mkiwa mbele ya nakala, msiitazame kutoka juu tu. Leteni tochi tatu au nne. Ilazeni tochi ukingoni mwa unyayo, mwanga upite kwa ubapa kama jua la saa kumi na mbili asubuhi. Hapo kivuli hujaa kwenye kina. Anzieni kisiginoni, mahali palipozama sana, kwa sababu mguu wetu hutua kwa kisigino. Fuateni ukingo wa nje hadi mbele, kisha tafuteni kidole gumba. Kwa sokwe kidole hicho kimejitenga kando kama gumba la mkono. Hapa kimeelekea mbele pamoja na vingine, ingawa wataalamu bado wanabishana kama kimejitenga kidogo kuliko chetu. Kisha angalieni mstari wa upande mmoja wenye nyayo kubwa zenye kingo mbilimbili. Huyo si mtu mwenye miguu mipana. Ni wawili: mmoja alitangulia, mwingine akakanyaga mle mle. Mkipima unyayo huo kana kwamba ni wa mtu mmoja, hesabu yote itaharibika.

Mtanisikia pia nikitaja eneo A. Nyayo zake tano zilionekana katika miaka ya 1970, zikadhaniwa huenda ni za dubu, zikaachwa kando. Mwaka 2019 zilichimbuliwa upya na kusafishwa vizuri, na mwaka 2021 watafiti wakaandika kwamba ni za zamadamu, tena mwenye mwendo tofauti na wale wa eneo G. Njooni na maswali juu ya hili, kwani ndilo ninalopenda kulijadili kuliko yote.

Umri, je? Hakuna anayepima umri wa unyayo wenyewe, maana unyayo ni shimo tu. Kinachopimwa ni fuwele zilizomo kwenye majivu ya chini na ya juu yake. Ndani yake potasiamu-40 hugeuka polepole kuwa agoni-40, na gesi hiyo hunaswa ndani ya fuwele. Mkiwa mmefika kwenye mada ya nusu uhai katika Fizikia, mtalielewa bila shida. Kama bado, mwombeni mwalimu dakika kumi.

Kuhusu kufukiwa. Mwaka 1979 nyayo zilifunikwa kwa mchanga na mawe, kwa nia njema. Mchanga ule ulikuja na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikashuka kuelekea kwenye tabaka la nyayo. Mwaka 1995 na 1996 Idara ya Mambo ya Kale na taasisi ya uhifadhi ya Getty walifukua sehemu kubwa, wakaondoa mizizi kwa uangalifu, kisha wakafunika upya: udongo laini uliochekechwa, kitambaa maalumu kinachopitisha maji, kingine chenye dawa ya kuzuia mizizi, udongo tena, na mawe ya lava juu kabisa. Kwa hiyo mkiona mche umechipua kwenye yale mawe, msiung'oe. Mwonyesheni mlinzi. Kuung'oa kwa nguvu hutikisa kilicho chini.

Vivyo hivyo kwa mfupa au jiwe lolote. Likiwa chini, liache chini, niite. Kitu kikihamishwa hata hatua tatu, hatujui tena kilitoka tabaka gani, na bila tabaka hakina umri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo inakataza.

Ya safari ni machache. Ukingoni mwa kreta mtapita mahali palipo juu ya mita 2,000, na Agosti kuna ukungu na baridi kali. Vaeni sweta, kisha mtazivua mkishuka huku kwenye vumbi. Viatu vya kufunika vidole, kofia, maji lita moja na nusu kwa kila mtu, leso ya puani kwa wenye pumu pamoja na dawa zao. Penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu vumbi huziba ncha. Futi ya utepe moja kwa kila wanafunzi wanne. Fikeni saa nne asubuhi: saa moja na nusu mbele ya nakala, chakula, kisha Laetoli. Barabara ya huko ni mbovu, na mvua ikinyesha usiku wa kuamkia siku hiyo basi lenu halitapita. Tukifika hapo tutabaki bondeni na nitawaonyesha tabaka za Olduvai badala yake.

Leteni karatasi ya vipimo vya darasa zima. Tutaibandika kando ya nakala na kuanzia hapo.

Wenu,
Mwongoza wageni, zamu ya Alhamisi