Marudio ya Kidato cha Nne: Maisha baada ya Kifo katika Dini Nne

Mtihani huomba ulinganisho, kwa hiyo jedwali hili lisomwe kutoka juu kwenda chini.

| Dini | Baada ya kifo | Hatima |
|---|---|---|
| Uislamu | Maiti huhojiwa kaburini na malaika Munkari na Nakiri, kisha husubiri barzakhi hadi Kiyama, matendo yatakapopimwa kwenye mizani. | Pepo au Jahanamu |
| Ukristo | Wafu watafufuliwa na kuhukumiwa. Wakatoliki hufundisha pia toharani, Waprotestanti huikataa. | Mbinguni au jehanamu |
| Uhindu | Nafsi, yaani atmani, huzaliwa katika mwili mwingine kulingana na karma, yaani matendo yake na matokeo yake. | Moksha, yaani kukombolewa kutoka mzunguko wa kuzaliwa upya |
| Ubudha | Kuzaliwa upya huendelea bila nafsi ya kudumu. | Nirvana, yaani kuzimika kwa tamaa na kukoma kwa kuzaliwa upya |

Barzakhi na toharani zisichukuliwe kuwa kitu kimoja, kwani barzakhi huwapokea wafu wote hadi ufufuo, ilhali toharani huwatakasa wale tu ambao tayari wamehakikishiwa wokovu. Kosa linalowapotezea watahiniwa alama zaidi, kwa maoni yangu, ni kuandika kwamba Wabudha huamini roho inayohama, ilhali wao huufananisha mwendelezo huo na mshumaa unaowasha mwingine: mwali huendelea, lakini hakuna kitu cha kudumu kilichohamishwa.