Swali la 4: Taswira na Toni katika Shairi la "Taa za Ziwani"

Soma shairi lifuatalo, kisha changanua jinsi mshairi alivyotumia taswira na toni. Thibitisha hoja zako kwa kurejelea shairi. (Alama 20)

Mtumbwi wako majini, taa yako yametuka,
Kama mji kisiwani, taa mia zimewaka,
Nazihesabu mwaloni, yako ndiyo naitaka,
Giza ndilo letu jua, mwezi usituangaze.

Dagaa hupenda taa, hupanda kama mapovu,
Mawe nayo yatang'aa, yatavaa fedha kavu,
Watoto hawana njaa, Mungu aujaze wavu,
Giza ndilo letu jua, mwezi usituangaze.

Nahesabu mara tano, taa moja siioni,
Upepo waleta neno, wimbi labisha mlangoni,
Sato wako yu mnono, namfunika sahani,
Giza leo silo jua, ewe mwezi tuangaze.

JIBU

Anayesema katika shairi hili ni mtu aliyebaki nchi kavu, yamkini mke, akimsemesha mvuvi wa dagaa aliye ziwani usiku. Hoja yangu ni kwamba shairi limejengwa juu ya taswira moja, ya mwanga na giza, na kwamba mshairi ameigeuza mara mbili. Toni nayo hugeuka pamoja nayo.

Tumezoea ushairi ambamo mwanga ni heri na giza ni balaa. Hapa ni kinyume. "Giza ndilo letu jua" ni sitiari ambayo msomaji wa mbali na ziwa anaweza kuiona kama fumbo tupu, lakini kwa wakazi wa Kirumba, Igombe au Ukerewe ni maelezo ya kazi. Dagaa huvutwa na mwanga wa karabai. Mbalamwezi ikienea juu ya maji, taa ya mvuvi hupoteza nguvu na samaki hawakusanyiki, ndiyo maana siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo giza ni jua kweli: ndilo linalolisha nyumba. Msemaji anapouambia mwezi "usituangaze", anatetea chakula cha watoto wake. Huu ndio mgeuzo wa kwanza, na mshairi anauweka kwenye kituo ili turudi kwake mpaka tuuzoee.

Ubeti wa kwanza unatupa picha ya kuonekana kwa macho. Tashibiha "kama mji kisiwani" ni sahihi mno: ukisimama mwaloni usiku wa giza, taa za mitumbwi hupangana kwenye upeo wa maji mpaka unadhani kuna mtaa mzima huko ambao mchana hukuuona. Ila mji huo hauna ardhi chini yake. Mshairi halisemi hilo, wala hahitaji, kwa sababu msomaji akishakubali kwamba ule ni mji, ni yeye mwenyewe atakayekumbuka kwamba umesimama juu ya maji. Toni hapa ni ya fahari na mapenzi. Tazama neno "yako" katika "yako ndiyo naitaka". Kati ya taa mia, moja tu ina mwenyewe. Lakini ndani ya fahari hiyo kuna kitendo cha kuhesabu, na mtu hahesabu kitu asichohofia kukipoteza. Nadhani hapa ndipo wasiwasi unapoanzia, mapema kuliko wengi wanavyoweza kudhani.

Ubeti wa pili ni wa furaha, na taswira zake zina mwendo. Dagaa "hupanda kama mapovu", yaani wengi, wepesi, kutoka chini kuja juu, kama chungu kinachochemka. Kisha picha inahamia kwenye mawe ya ufukweni ambako dagaa huanikwa. Mawe "yatavaa" fedha, nayo ni tashihisi: mawe yamepewa mwili wa mtu anayevaa nguo ya sikukuu. Neno "fedha" lina maana mbili, madini yang'aayo na pesa za matumizi, na "kavu" inazishikilia zote, dagaa waliokauka na pesa taslimu mkononi. Kwa maneno mawili mshairi ametoka kwenye rangi ya samaki akafika sokoni. Tukumbuke hata hivyo kwamba "yatang'aa" na "yatavaa" ni vitenzi vya wakati ujao. Furaha hii bado ni ahadi, ndiyo maana mshororo wa tatu unaingia dua, "Mungu aujaze wavu". Toni ya matumaini imeegemea kwenye kuomba.

Ubeti wa tatu hautangulizwi na onyo lolote. "Nahesabu" imerudi, sasa "mara tano". Mtu ahesabuye mara tano amepata jibu mara ya kwanza akalikataa. Mji ule wa ubeti wa kwanza umepungukiwa na nyumba moja, na ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa anaitaka.

Wengi wangeandika kwamba toni ya ubeti huu ni huzuni. Mimi naona neno hilo halitoshi. Huzuni ni ya msomaji. Toni ya msemaji ni ya kujizuia. Hakuna kilio katika mishororo hii, hakuna "ole" wala neno kifo. Upepo "waleta neno" lakini neno lenyewe halitajwi. Wimbi "labisha mlangoni" kama mjumbe aliyefika usiku, na hatuoni mlango ukifunguliwa. Tashihisi hizi mbili zinaufanya upepo na maji kuwa watu wanaojua habari ambayo msemaji hataki kuipokea. Badala ya kuwajibu, anageukia jikoni: "Sato wako yu mnono, namfunika sahani."

Mshororo huu ndio ninaouona bora kuliko yote. Kutoka ziwa zima tumeletwa kwenye sahani moja. Mvuvi wa dagaa amewekewa sato, chakula cha kumpokea mtu wa heshima. Kumfunika samaki ni kumlinda asipoe, yaani msemaji bado anatarajia mlaji. Lakini kufunika ni jambo linalofanyiwa pia maiti, na picha hizo mbili zimelala chini ya kitenzi kimoja. Bado anasema "wako", kama alivyosema "mtumbwi wako" mwanzoni. Hajaacha kumsemesha.

Kimuundo shairi ni tarbia yenye mizani kumi na sita karibu kila mshororo, vina vikiwa vimetunzwa. Jambo hili lina kazi katika toni: sauti haitetereki hata pale habari inapotetereka, na utulivu huo wa mapigo ndio unaotufanya tuhisi jinsi msemaji anavyojikaza.

Kisha kituo kinavunjika. Mara mbili tumesikia "mwezi usituangaze". Mara ya tatu ni "ewe mwezi tuangaze". Huu ni mgeuzo wa pili. Aliyekuwa adui wa riziki sasa anabembelezwa kwa "ewe", na toni inatoka kwenye amri ya kukataza kuingia kwenye ombi. Yuko tayari kupoteza dagaa wote wa usiku huo ili aone mtumbwi mmoja. Hata "tu" ya "usituangaze" na "tu" ya "tuangaze" si moja. Ya kwanza ni ya familia inayotafuta riziki pamoja. Ya pili inasemwa na mtu mmoja aliyesimama mwaloni, akimhesabu bado yule aliye majini.